Nasaha kwa Mwenye Kuwaonea Wivu Waliotangulia

Fundi cherehani mmoja wa hapa Kamembe, ambaye jina lake nalisitiri, alinijia usiku mmoja baada ya swala ya isha, amevaa shati jeupe la kola ya kusimama alilolishona kwa mikono yake mwenyewe, akanieleza kwamba shati lile ndilo lililomwondolea usingizi. Mkewe ni mtoto wa Bukavu, ng'ambo ya mto Rusizi, na kabla ya kuposwa naye aliwahi kuchumbiwa na kijana mwingine wa huko huko, uchumba uliodumu miaka miwili kisha ukavunjika. Hayo yote fundi aliyajua kabla ya kutoa mahari, akayapokea kwa moyo mkunjufu. Lakini siku moja, alipokuwa akitafuta namba katika simu ya mkewe, aliiona picha ya yule kijana ameegemea ukuta kando ya ziwa Kivu, kifuani ana shati jeupe la kola kama hiyo. Wiki haikupita, naye akajikuta anakata kitambaa cheupe. Alipolivaa mkewe akamwambia, "Limekukaa vizuri, bwana wangu," na neno hilo, ambalo kwa mume mwingine lingekuwa tunu, yeye alilala akiligeuzageuza: limenikaa vizuri kuliko nani?

Nikamwuliza, "Mwanangu, habari za huyo kijana umemwuliza mkeo mara ngapi?"

Akajibu, "Mzee, sikuhesabu."

Nikamtaka ahesabu. Nilimwambia kila swali litakalomtoka aliandike katika daftari lake la vipimo vya wateja, na jibu aliandike chini yake. Baada ya siku kumi alikuja na daftari, na ndani yake swali moja tu, la kama mkewe alilia siku uchumba ulipovunjika, lilikuwa limeulizwa mara tisa. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba alilia kidogo. La tatu kwamba hakulia sana. La sita kwamba hakumbuki. Na la tisa lilikuwa kimya. Fundi alizipanga tafauti hizo kama kadhi apangavyo kauli za mashahidi, akahukumu kwamba anafichwa jambo. Hakutambua kwamba mtu yeyote akiulizwa jambo la zamani mara tisa, usiku, naye amechoka na biashara ya mchana kutwa, hawezi kulitamka kwa maneno yale yale, na kwamba tafauti alizozikusanya zilizaliwa na maswali yake mwenyewe.

Ugonjwa huu wazee wetu waliujua katika sura nyingine, sura ya mwenye wasiwasi wa udhu. Huyo huosha mkono, akashuku kwamba maji hayakufika kiwikoni, akaurudia. Akipata utulivu wa punde kidogo, shaka humrudia na nguvu zaidi, hata watu wakamaliza swala naye yungali birikani. Si maji yaliyopunguka. Kule kurudia ndiko kunakoifundisha nafsi kwamba palikuwa na jambo la kuogopwa, na kila utulivu ulionunuliwa kwa kurudia huwa na umri mfupi kuliko uliotangulia. Mafakihi waliliweka sawa jambo hili kwa kanuni yao kwamba yakini haiondolewi na shaka, wakamwamuru mwenye wasiwasi asirudie, astahamili ile kero ya kudhani kwamba bado, mpaka ipoe yenyewe. Na matabibu wa akili wa zama hizi, kwa njia yao nyingine, huwatibu wenye mawazo ya kujirudia kwa kuwazoeza wastahamili vivyo hivyo. Basi nilimwambia fundi afanye jambo hilo na asifanye jingine: swali likimjia asiliulize, wala asiifungue ile picha kwa siri, maana kuitazama nako ni kuuliza kwa macho. Alikesha siku ya kwanza, ya pili akakasirika bila sababu, na mimi nilikuwa nimekwisha kumwambia kwamba itakuwa hivyo.

Sisemi kwamba maswali yote ni wasiwasi. Yako yaliyo haki ya mwenye kuoa na mwenye kuolewa, nayo huulizwa kabla ya ndoa, kwa faragha na kwa stahi: je, yuko mtoto, je, talaka imetoka na eda imekwisha, je, liko deni, au maradhi yatupasayo kupimwa sote wawili, je, mambo na yule mtu yamekoma? Swali la haki hujulikana kwa alama hii, kwamba likijibiwa linakufa, kwa kuwa liko jambo utakalolitenda kwa jibu lake. Lakini swali la alikuwa na sura gani, alikupenda vipi, nani kati yetu ni bora, hilo halina jambo la kutendwa, na kila jibu lake huzaa maswali mawili.

Wala asidhani mtu kwamba kuona wivu wa aliyepita ni aibu ya wanyonge. Bibi Aisha alikiri mwenyewe, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba hakumwonea wivu mke yeyote wa Mtume (s.a.w.) kama alivyomwonea Bibi Khadija, ilhali Khadija alikwisha kufariki, na sababu yake ni kumsikia akitajwa sana, na kuona mbuzi akichinjwa na nyama ikapelekwa kwa mashoga wa marehemu. Alipolisema hilo waziwazi, Mtume hakumvunjia Khadija heshima ili kumridhisha Aisha. Alitaja wema wake, na kwamba alipata naye watoto. Nami naona hapo ndipo wengi tunapokosea, kwani tunamlazimisha mwenzetu ayatukane ya zamani yake ndipo tutulie, kana kwamba ulimi ulio tayari kumdhalilisha aliyeachwa jana ni ulimi wa kuaminiwa kesho. Bibi Ummu Salama naye, alipoposwa na Mtume baada ya kufiwa na Abu Salama, alitanguliza kusema kwamba yeye ni mwanamke mwenye ghera nyingi, naye akaahidiwa kuombewa dua imwondoke. Tazama namna alivyoitaja: aliitaja kuwa ni hali yake yeye, hakuifanya kosa la mtu mwingine. Fundi wetu angemwambia mkewe, "Nimeshikwa na wivu leo, niwie radhi," angekuwa amesema kweli, lakini kumwuliza, "Kwa nini hukuifuta picha?" kulikuwa kumpandisha kizimbani.

Mwenye kuulizwa naye ana wajibu wake. Aseme kweli mara moja, kwa ufupi, asipambe wala asisimulie ya faraghani, na swali likirudi amjibu mwenzake kwa upole kwamba hilo alikwisha kulijibu. Na kama yule wa zamani angali anapiga simu usiku, hayo si ya zamani tena, na mwenye kuyalalamikia hana wasiwasi, ana haki. Ama anayempokonya mkewe simu, akamfuata hadi mpakani, au akainua mkono, huyo amevuka mahali nasaha inapofika; mwanamke anayetendewa hayo na awaendee wazee wake, na polisi, na vituo vya Isange, vilivyoanzia Kigali mwaka 2009 kwa ajili ya waliodhulumiwa majumbani.

Fundi alirudi kwangu baada ya mwezi. Alikuwa ameuliza mara mbili tu, na mara zote mbili aliomba radhi kabla mkewe hajajibu. Akaniambia jambo ambalo hakupata kulifikiri: kwamba yeye pia alikuwa na mchumba kabla ya ndoa, naye anakaa mtaa wa pili, na hupita dukani kila Ijumaa akiwaamkia wote wawili. Alimwuliza mkewe imekuwaje hata hajamwuliza habari za yule bibi.

"Nilikuuliza kabla ya posa kama una mtoto naye," mkewe alimjibu, huku akifunga mzigo wake wa kuvuka nao darajani alfajiri. "Ukasema huna."