Kabla hujasaini, mpwa wangu

Kampuni mbili za Dar zinakutaka uwaandikie programu, na zote zimekuuliza unategemea mshahara wa kiasi gani. Usiwahi kutaja namba. Waulize kwanza: "Nafasi hii mmeitengea kuanzia ngapi hadi ngapi, kabla ya makato?" Wakikubana, taja kiwango ambacho hata mwanzo wake ungeupokea kwa moyo mweupe, maana watashika pale pa chini. Unacholipwa sasa usikitaje; wao wanalipia kazi ya kwao.

Nimesisitiza "kabla ya makato" kwa sababu hapo ndipo vijana wengi hupotea. Ile ya kwanza imesema milioni 2. NSSF itachukua asilimia 10, yaani 200,000. Zinazobaki, 1,800,000, zinatozwa kodi ya mshahara, 368,000. Mkopo wako wa chuo unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 300,000 nyingine. Mkononi unashika 1,132,000. Ukipiga hesabu hiyohiyo kwa ile ya pili inayotoa 1,700,000, unabaki na 988,000.

Tofauti ni 144,000 kwa mwezi. Kwa miaka minne inakaribia milioni saba, na hiyo ndiyo bei unayolipia zile hisa ambazo hao wa pili wanakusifia.

Hisa zenyewe umezijua tangu utoto. Kwenye maduara ya huku Geita mchimbaji hulipwa mifuko ya mawe badala ya mshahara. Duara likitema, anajenga. Lisipotema, amefanya kazi bure, na mwenye duara hutoa gharama zake kwanza. Basi waulize kama ungemuuliza mwenye duara. Wamesema hisa 5,000: kati ya ngapi? Bila jibu hilo, 5,000 ni namba tupu. Wanakupa hisa, au haki ya kuzinunua baadaye, na kwa bei gani? Kwa kawaida zinaiva kwa miaka minne, na ukiondoka kabla ya mwaka mmoja huambulii kitu. Ukiondoka baada ya hapo, una siku ngapi za kuzilipia? Wengi hupewa 90 tu, na fedha hawana. Wakikwepa maswali haya, mimi ningezihesabu sifuri.

Marupurupu nayo yachambue. Likizo ya siku 28 na mchango wa mwajiri NSSF ni sheria, si zawadi, hata wakiviandika kwa wino mzito. Bima ya afya inayomhudumia mkeo na mtoto, hiyo ndiyo ya kuhesabu. (Mama yako atakuuliza habari za nyumba, mwambie kodi ya Dar inalipwa kwa miezi mingi mbele, kwa hiyo waombe fedha ya kuhamia.)

Mimi ningewaandikia wale wa pili hivi: "Nimeipenda kazi. Nina ahadi nyingine ya milioni 2. Mkifika hapo, nitasaini wiki hii. Msipoweza, naomba jumla ya hisa zote za kampuni na bei ya kununulia, kwa maandishi." Wape siku tatu, na hao wa kwanza waombe muda huohuo.