Pakiti Moja, Lita Moja

Tuchukue nyumba moja ya mfano pembezoni mwa mji wa Kasulu, msimu wa mvua, wakati maji ya mlimani yanapobeba uchafu mpaka kwenye chemchemi. Bibi ameachiwa mjukuu wa mwaka 1 na nusu, mama mtu yuko shamba anapalilia maharage. Tangu alfajiri mtoto ameharisha mara 4, maji matupu. Bibi si mzembe. Amekwenda duka la dawa muhimu, amenunua pakiti 2 za ORS pamoja na vidonge vya zinki, amechemsha maji na kuyaacha yapoe. Mpaka hapo hakuna wa kumlaumu.

Kosa liliingia kwenye chupa. Aliyokuwa nayo ni ile ndogo ya maji ya dukani, ya nusu lita. Akaijaza, akamimina pakiti nzima, akatikisa mpaka unga ukayeyuka wote. Muuza dawa alikuwa amemwambia lita 1, lakini bibi aliwaza kwamba dawa nzito huponya upesi, na kwamba mtoto mdogo vile hawezi kumaliza lita nzima.

Mtoto akanywa kwa pupa. Kufika adhuhuri kuharisha kumezidi, na kiu nayo imezidi. Bibi akaiona kiu ile kuwa dalili njema, akaongeza. Chupa ilipoisha akachanganya pakiti ya pili vilevile. Jioni mtoto alikuwa analia kwa sauti kali, akiguswa anashtuka, midomo imekauka ilhali amekunywa mchana kutwa. Mama mtu aliporudi hakukaa hata chini; wakapanda bodaboda kwenda zahanati.

"Shikamoo bibi," alisema muuguzi.

"Marahaba mwanangu."

"Dawa ya maji umempa? Uliichanganyia kwenye chupa gani?"

Bibi akaitoa chupa kwenye kikapu. Muuguzi alisoma maandishi ya pembeni, 500 ml, akauliza ni pakiti ngapi zimeingia humo. Alipojibiwa, alianza papo hapo kuandika barua ya rufaa ya kwenda hospitali.

Sababu yake ni hii. Pakiti ya kawaida ya ORS ina gramu 2.6 za chumvi ya mezani na gramu 13.5 za glukosi, pamoja na madini ya potasiamu na sitreti, na vyote vimepimwa kwa maji lita 1. Ndani ya utumbo, glukosi ndiyo inayofungua mlango wa chumvi kuingia mwilini, na chumvi ikipita, maji huifuata. Kazi hiyo hufanyika iwapo mchanganyiko ni mwepesi kidogo kuliko damu. Pakiti nzima kwenye nusu lita huwa nzito kuliko damu. Basi maji hugeuza njia: hutoka mwilini na kuingia utumboni, mtoto akaharisha zaidi, huku chumvi ikizidi kupanda katika damu. Kiu isiyokwisha, kulia kwa sauti kali na kushtukashtuka ni dalili za chumvi iliyozidi, na ikiendelea hufuata degedege. Hospitalini hawaishushi chumvi hiyo kwa haraka, maana ikishuka ghafla ubongo huvimba. Ndiyo maana mjukuu yule, ambaye angeweza kupona nyumbani, alilazwa kwa siku kadhaa.

Kabla hawajaondoka zahanati, muuguzi alimwonyesha mama mtu namna ya kuchanganya, na maneno yake yanafaa kusemwa hivyo hivyo katika kila nyumba:

"Nawa mikono kwa sabuni. Maji yachemke kwa nguvu, uyaache kwenye moto dakika 1 zaidi, kisha yafunike yapoe kabisa. Kama huna kuni za kutosha, tumia vidonge vya kutibu maji kama vilivyoandikwa, ukasubiri dakika 30. Tafuta chupa iliyoandikwa lita 1. Usipoipata, pima chupa 2 za nusu lita na kuzimimina kwenye chombo safi chenye mfuniko. Ile chupa kubwa ya dukani iangalie vizuri, nyingi ni lita 1 na nusu. Ukiijaza, dawa inakuwa nyepesi mno. Soma na pakiti yenyewe, kwa kuwa zipo pakiti ndogo za nusu lita. Mimina unga wote, usiugawe kwa macho. Koroga mpaka uyeyuke. Usiongeze sukari, chumvi, soda wala juisi, na ukishachanganya usiichemshe tena. Baada ya saa 24 mwaga inayobaki, utengeneze nyingine."

Mtoto wa chini ya miaka 2 hupewa mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, yaani robo hadi nusu ya kikombe cha mililita 200. Wa miaka 2 hadi 10 hupewa nusu kikombe hadi kikombe kizima. Akitapika, subiri dakika 10, kisha anza tena kwa kijiko, kimoja kila baada ya dakika 2 au 3. Kunyonya kuendelee, uji na chakula viendelee. Zinki ni miligramu 20 kwa siku kwa mwenye miezi 6 na zaidi, miligramu 10 kwa aliye chini ya umri huo, kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma.

Pakiti ikikosekana, lita 1 ya maji safi huchanganywa na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko visawazishwe kwa mgongo wa kisu, visiwe na kilima. Onja kabla ya kumpa mtoto: ukisikia chumvi kuliko ya machozi, mwaga uanze upya. Mchanganyiko huu hauna potasiamu, hivyo ni wa kushikilia tu mpaka pakiti ipatikane.

Kuna hali ambazo hazisubiri. Mpeleke kituoni mara moja mtoto wa chini ya miezi 2, mwenye damu kwenye kinyesi au homa kali, anayetapika kila kitu, aliyelegea au asiyeweza kunywa, mwenye macho yaliyodumbukia, au asiyekojoa kwa saa 6. Finya ngozi ya tumbo kisha uiachie: ikichelewa kurudi, maji yamepungua. Kinyesi kama maji ya mchele ni dalili ya kipindupindu, na hapo hata mtu mzima anaweza kupoteza lita 1 kwa saa. Mkoa wa Kigoma uliliona hilo Mei 2015, kipindupindu kilipolipuka kati ya wakimbizi wa Burundi waliorundikana Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Hadi wiki ya tatu ya mwezi huo walioripotiwa kuugua walikuwa karibu 3,000, na 31 walikuwa wamefariki.

Kwa wanaokaa vijiji vya ndani Kibondo, ambako njia ya kwenda zahanati ni ndefu na mvua huikata, ORS ianze kabla ya kutoka mlangoni na iendelee kunyweshwa njiani. Beba chupa uliyochanganyia na ganda la pakiti. Ukifika, mweleze mhudumu ulitia maji kiasi gani, mtoto amekunywa kiasi gani na ameharisha mara ngapi, bila kuficha hata kama unahisi ulikosea, maana kwa majibu hayo ataamua kama mtoto anahitaji maji zaidi au anahitaji kupunguziwa chumvi.