Mtajieni Daktari Umri

Wanangu, arobaini ya baba yenu, mdogo wangu, imepita, nami nimechoka kuwazika walio wadogo wangu. Kaeni nizungumze nanyi kidogo.

Daktari akikuuliza kama kwenu kuna ugonjwa wa moyo, usijibu "upo" ukanyamaza. Mtajie ni nani, na ulimpata akiwa na umri gani. Bibi yenu alishikwa na moyo akiwa na miaka 82. Huo ni uzee. Lakini mishipa ya moyo ikiziba kwa mwanamume ambaye hajafika miaka 55, au kwa mwanamke ambaye hajafika 65, madaktari husema ugonjwa umekuja kabla ya wakati wake. Hapo huwatazama wazazi, ndugu wa tumbo moja na watoto wa mgonjwa. Moyo ulioharibika vali kwa homa ya utotoni hauhesabiwi humo.

Baba yenu alikuwa na miaka 47. Babu yenu alianguka shambani akiwa na 51, tukasema amechezewa. Tungeuliza mapema, huenda tusingekuwa hapa leo.

Baada ya mazishi nilimpeleka shangazi yenu kupima mafuta ya damu. Mwamjua alivyo mwembamba, wala hana kisukari. Daktari alimwinua mguu, akapapasa kano ya nyuma ya kisigino, akaikuta nene, ina vinundu. Majibu yakaja: lehemu mbaya 5.6. Kwa mtu mzima, ikifika 4.9 daktari hushuku lehemu ya kurithi, ile inayoziba mishipa kimyakimya tangu utotoni. Mwenye nayo, kila mtoto wake ana nusu kwa nusu ya kuirithi. Mimi nilipima, sikuirithi. Kwa hiyo watoto niliowazaa mwenyewe hawawezi kuipata kwangu.

Ndiyo maana upimaji hufuata damu, hatua kwa hatua. Shangazi amekutwa nayo, basi watoto wake wapimwe. Nanyi baba yenu hakuwahi kupimwa, lakini kifo chake kinatosha kuwapeleka. Msiseme kitinda mimba ana miaka 8 tu. Katika ukoo kama huu mtoto hupimwa hata tangu miaka 2, na kwake 4.1 tayari ni ya kushukiwa. Anayekutwa nayo hupewa dawa za kushusha lehemu, na hazimezwi wiki mbili zikaachwa. Kupunguza mafuta jikoni kunasaidia, lakini peke yake hakutoshi kuishinda lehemu ya kurithi.

Na atakayekuta lehemu yake iko sawa, asitoke akiwasha sigara. Bado ni mtoto wa aliyekufa kwa moyo akiwa na 47. Apime presha na sukari, na kila aendapo hospitali autaje umri huo.

Kudra ya Mungu siikatai, wanangu. Ila kutopima si kudra. Jumatatu asubuhi nitawapitia, twende wote.