Milioni Kumi na Nne za Shangazi

Shangazi yangu anaishi Tunduma, mtaa ambao ukisimama barazani unayaona malori yamepanga foleni kuelekea Zambia. Mwaka juzi, mwezi wa nane, alinipigia simu akiwa amekasirika hata salamu hakumaliza kuitikia. "Wameniuliza hela nimezitoa wapi. Mimi! Umri huu!"

Alikuwa amepeleka benki shilingi milioni 46, taslimu, kwenye mfuko wa sandarusi ndani ya kikapu. Dirishani akapewa fomu yenye mstari mmoja uliomchoma: chanzo cha fedha. Akaandika "biashara". Keshia akaisoma, akamwomba apumzike kidogo, akaja kijana kutoka ofisi ya ndani akamwambia kwa upole kwamba neno hilo halitoshi. Shangazi akabeba kikapu chake akarudi nacho nyumbani, amepanda bodaboda na milioni 46 mapajani.

Nikapanda basi kutoka Mbeya kwenda kumsaidia. Njiani nilikuwa upande wake kabisa. Kurudi nilikuwa sina uhakika, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Kwanza hasira yenyewe. Watu wa rika la Shangazi walikuwa vijana mwaka 1983, wakati Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alipoongoza msako wa wahujumu uchumi. Nimewasikia wakisimulia jinsi watu walivyotupa sabuni na vitenge usiku, wengine wakaogopa hata noti zao wenyewe. Swali la "umezipata wapi" lilikuja na polisi mlangoni. Kwa hiyo ukimuuliza mama wa miaka sitini na kitu swali hilo leo, hasikii utaratibu wa benki. Anasikia hodi ya usiku. Na ana hoja: Katiba yetu, Ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Yeye hata kushtakiwa hajashtakiwa. Kwa nini basi aanze kujieleza?

Yule kijana wa benki, tulipomrudia kesho yake, hakujibu kwa Katiba. Alituuliza tu: "Mama, hapa kwenye faili lako imeandikwa wewe ni mama lishe. Ni kweli?"

Ilikuwa kweli, mwaka alipofungua akaunti. Alikuwa na banda la wali na maharage karibu na stendi, na makisio ya mapato aliyoandika yalikuwa laki mbili kwa mwezi. Tangu hapo alishaacha banda, akaingia kwenye mchele, akanunua kiwanja, akawa mweka hazina wa kikoba. Faili halikujua lolote kati ya hayo. Machoni pa faili, mama lishe wa laki mbili alikuwa ameingia mlangoni na fedha za karibu miaka kumi na tisa ya mapato yake yote, kwa siku moja, kwenye kikapu.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Benki haikuulizia kiasi peke yake. Mwenye kituo cha mafuta anaweza kupeleka kiasi hichohicho kila Jumatatu na asiulizwe neno, kwa sababu faili lake linamtarajia. Kinacholeta swali ni pengo kati ya mtu wanayemjua na fedha wanazoziona.

Na kwa nini waulize pale dirishani, si baadaye? Kwa sababu noti haina kumbukumbu. Elfu kumi ya mchele na elfu kumi ya meno ya tembo zinanuka sawa. Ikishaingia kwenye akaunti inakuwa tarakimu, inahama, inanunua nyumba, inalipa ada, na kila hatua inaiongezea heshima. Mlango wa benki ndipo mahali ambapo fedha haramu inaonekana uchi kwa mara ya mwisho. Ndiyo maana Sheria ya Kuzuia Utakasishaji wa Fedha Haramu ya mwaka 2006 iliwabebesha watu wa benki kazi ya kumjua mteja, na wakiwa na shaka watoe taarifa kwa Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu. Taarifa hiyo ni siri. Wamekatazwa kumwambia mteja kwamba ameripotiwa. Mwezi Oktoba 2022 nchi yetu iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachopima nchi zinavyopambana na fedha chafu, ikatolewa Juni 2025. Katikati ya miaka hiyo, haishangazi kwamba kijana wa dirishani aliuliza maswali mengi kuliko baba yake angeuliza.

Sasa tukazigawa zile milioni 46 kwa asili yake, juu ya meza ya yule kijana.

Milioni 28 zilikuwa za kiwanja cha Mpemba. Hizi zilikwisha kwa dakika kumi. Mkataba wa mauziano uliosainiwa mbele ya wakili, nakala za vitambulisho vya muuzaji na mnunuzi, karatasi ya umiliki iliyokuwa na jina la Shangazi, barua ya serikali ya mtaa, risiti za kodi. Kijana alilinganisha vitu vitatu tu: jina, tarehe, kiasi. Jina la kwenye umiliki ndilo la kwenye akaunti. Mkataba ulikuwa wa wiki iliyopita. Kiasi kilifanana. Akagonga meza kidogo, akaendelea.

Milioni 4 zilikuwa mgawo wa kikoba. Tulipeleka cheti cha usajili wa kikundi, katiba yao, na muhtasari wa kikao cha kuvunja mzunguko wenye saini za wanachama na kiasi alichopata kila mmoja. Nayo ikapita.

Zikabaki milioni 14 za mchele. Hizi ndizo Shangazi alizozitolea jasho. Magunia 70 ya kilo mia, kutoka Kamsamba, aliyauza kwa awamu tatu kwa wanunuzi waliovuka kutoka Nakonde, kilo kwa wastani wa shilingi 2,000. Hebu fuata karatasi zake. Kamsamba alinunua kwa wakulima, mkono kwa mkono, hakuna risiti. Njiani alilipa ushuru wa mazao, na stakabadhi za halmashauri anazo, zimechakaa lakini zinasomeka. Mpakani mzigo wake uliunganishwa na wa wenzake wanne kwa wakala mmoja wa forodha, kwa hiyo nyaraka za kusafirisha na cheti cha afya ya mimea vina jina la mtu mwingine. Mnunuzi alimlipa kwa kwacha. Kwacha akazibadilisha kwa vijana wanaosimama kando ya barabara na mabunda mkononi, kwa sababu wako karibu na bei yao inamridhisha. Angekwenda kwenye duka la fedha lenye leseni angepewa stakabadhi yenye jina lake, kiasi na tarehe. Kwa vijana wale anapewa shilingi na utani.

Kwa hiyo hela ya kiwanja, ambayo aliipata kwa kukaa tu bei ipande, ilikuwa na mashahidi watano. Hela ya mchele, miezi minne ya vumbi, haikuwa na hata mmoja aliyemtaja kwa jina.

Jioni ile alikuja jirani mmoja mwenye ushauri. Tena wa aina mbili. Wa kwanza: gawanya, peleka milioni mbili leo kwa wakala huyu, mbili kesho kwa yule. Wa pili: andika upya mkataba wa kiwanja, usomeke milioni 42, mnunuzi atasaini, umemaliza kazi.

Nakiri ushauri wa pili ulinivutia. Hakuna anayeibiwa, nilijiambia. Fedha ni halali kweli; tunaiazima tu karatasi ya jirani yake. Hapa ndipo swali la maadili liliponibana: je, ni uongo kama unathibitisha jambo la kweli?

Shangazi hakuwa na subira na falsafa yangu. Alisema, "Nikiandika kiwanja milioni 42, mchele wangu nimeufuta. Nitakuwa sijawahi kuuza mchele."

Yupo sahihi kuliko nilivyofikiri wakati ule. Kodi ya kiwanja ilishalipwa kwa milioni 28, na mnunuzi ana nakala yake ya zamani. Karatasi mbili za jambo moja zenye kiasi tofauti ndicho kitu ambacho mkaguzi anakitafuta. Na ule wa kugawanya nao una mtego wake. Mifumo ya benki inaona miamala midogo inayofuatana kwa akaunti moja, na mtu anayekata fedha zake vipandevipande anafanana na mtu anayekwepa swali. Mwenye fedha halali anajivika mwenyewe nguo za mwizi.

Lakini bado nina ugomvi na utaratibu huu, na sitaki kuuficha. Karatasi hazipimi ukweli wa fedha, zinapima kama hadithi yake inashikana. Mwizi mwenye kampuni, mhasibu na mashine ya EFD anaweza kutengeneza hadithi inayoshikana vizuri kuliko ya Shangazi. Anayeumia na swali hili kwanza ni yule ambaye maisha yake hayajawahi kuandikwa. Kuuliza ni haki; ila kuna watu tumewaacha miaka yote wakifanya biashara bila kuandikwa, halafu tunawashangaa hawana maandishi.

Benki ilipokea milioni 32 siku ile. Zile 14 zilirudi nyumbani, zikalala siku tisa chini ya mahindi, na Shangazi akalala juu yake akisikiliza kila mbwa anayebweka. Tulitumia siku hizo kukusanya tulichoweza: stakabadhi za ushuru zilizopangwa kwa tarehe, daftari lake la mauzo, barua ya wakala wa forodha ikieleza kwamba katika mzigo ule magunia 70 yalikuwa yake na namba za nyaraka, leseni ya biashara na TIN aliyokuwa nayo tangu zamani bila kuipeleka benki. Kijana naye akafungua taarifa za akaunti za miaka mitatu nyuma, akaona kila mwezi wa nane na wa tisa kuna fedha ziliingia, milioni 3, milioni 5, milioni 6. Msimu ulikuwa unaonekana, na ulikuwa unakua. Hilo, nadhani, ndilo lililomshawishi kuliko barua. Akarekebisha faili: mfanyabiashara wa nafaka. Akazipokea.

Kama aliandika taarifa nyingine kwa wakubwa zake, hatutajua, na kisheria hapaswi kutuambia.

Msimu uliofuata nilikuwa Tunduma tena. Shangazi alikuwa na kwacha mkononi, amesimama mbele ya mmoja wa vijana wale wa barabarani, ameinyoosha kalamu na daftari amwandikie. Kijana akacheka sana. "Shangazi, nikikuandikia jina langu si utanipeleka kwa watu?" Shangazi akafunga daftari, akapita, akaenda kupanga foleni dukani kwenye stakabadhi, analalamika njia nzima juu ya bei.