Mfumo Unaosamehe Kimyakimya

Mwenzangu wa darasa la uzamili alitengeneza tovuti ya picha za wazee aliowahoji kwa ajili ya tasnifu yake. Kwenye kompyuta yake ya Windows zote zilionekana. Alipoipandisha kwenye seva ya Linux, zile alizopiga kwa simu zilibaki, za kamera zikatoweka. Ukurasa wake ulisema:

```
<img src="picha/img_0412.jpg">
```

Lakini faili kamera ililipa jina `IMG_0412.JPG`. Windows hulihifadhi jina kama lilivyoandikwa, ila inapolitafuta haijali herufi kubwa wala ndogo. Kwa Linux, jina ni mfuatano wa namba tu: `I` ni 73, `i` ni 105. Mafaili hayo mawili yangeweza kukaa folda moja bila kugombana. Seva ikatafuta lile la herufi ndogo, haikulikuta, ikajibu 404.

Mwenzangu aliiita Linux katili. Wazee wamekubali kupigwa picha, alisema, halafu wanafutwa kwa sababu ya herufi! Namwelewa. Hata hivyo najiuliza kama Windows ilimtendea wema. Ilimsamehe bila kumwambia kwamba kuna kitu cha kusamehewa, naye akaondoka akiamini kiungo chake ni sahihi popote.

Lakini kosa la msamaha huo si ukimya peke yake. Ili niseme herufi mbili ni sawa, lazima nijue ni za lugha gani. Kwetu `i` ndiyo ndogo ya `I`. Kituruki kina jozi mbili: `I` na `ı` isiyo na nukta, `İ` na `i` yenye nukta. Kwa Mturuki, basi, `IMG` na `img` si neno lile lile. Windows hulimaliza suala hilo kwa jedwali moja la herufi lililowekwa kwenye diski inapoandaliwa, na mwenye diski haulizwi anazungumza nini. Linux kwa kawaida hukataa kuamua. Mimi naona huo ni unyenyekevu kuliko ukatili, ingawa gharama yake wanailipa watu ambao hawajawahi kusikia jina Linux, wakiwamo wale wazee.

Alibadilisha majina yote ya mafaili kuwa herufi ndogo, akapandisha tena kwa Git, na picha bado hazikuonekana. Git kwenye Windows huwekewa `core.ignorecase` kuwa `true`, kwa hiyo haikuona badiliko lolote la kutuma. Msamaha ule ule, mara ya pili. Ilibidi kila jina aliambie Git waziwazi:

```
git mv IMG_0412.JPG img_0412.jpg
```

Jioni hiyo bibi wa kwanza akaonekana, amekaa mlangoni kwake.