Kesi ya Varghese, iliyotungwa neno kwa neno

Tarehe 27 Agosti 2019, Roberto Mata alikuwa abiria kwenye ndege ya Avianca iliyotoka El Salvador kwenda New York. Kigari cha chuma cha kugawia chakula kikamgonga goti. Madai yake yalifunguliwa Februari 2022, wakati Mkataba wa Montreal, unaosimamia safari za ndege za kimataifa, humpa abiria miaka miwili tu ya kudai. Avianca ikaiomba mahakama ilitupe shauri kwa sababu limechelewa.

Wakili Steven Schwartz, aliyekuwa na zaidi ya miaka thelathini katika kazi hiyo, alihitaji hukumu za zamani zinazosema kwamba hesabu ya miaka miwili husimama pale shirika la ndege linapoingia kwenye kinga ya sheria ya ufilisi, kama Avianca ilivyofanya mwaka 2020. Akaiuliza ChatGPT. Ikampa alichohitaji, kwa lugha ya kisheria iliyonyooka: majina ya wadai na wadaiwa, namba za vitabu vya hukumu, kurasa, mahakama na miaka. Machi 2023 hoja zake zikawasilishwa mahakamani, zikiwa na saini ya mwenzake Peter LoDuca, maana Schwartz mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kusimama katika mahakama ile.

Mawakili wa Avianca wakatafuta hukumu zile wasizione. Jaji Kevin Castel naye akatafuta, asizione. Kesi sita kati ya hizo hazikuwahi kuwepo duniani.

Habari hii ilienea sana, na wengi waliishia kusema kwamba mashine ilidanganya. Mimi sikubaliani na neno hilo. Anayedanganya anaujua ukweli na anauficha. Kilichotokea New York ni kitu kingine, na mtu asiyekielewa atanaswa palepale alipokwama Schwartz, hata kama ni mwaminifu na makini katika mambo mengine yote.

Hukumu iliyokuwa nguzo ya hoja zake iliitwa Varghese dhidi ya China Southern Airlines, na rejea yake iliandikwa hivi:

```
925 F.3d 1339 (11th Cir. 2019)
```

Mwanasheria wa Marekani huisoma bila kusita: kitabu cha 925 cha mfululizo wa tatu wa hukumu za mahakama za rufaa za shirikisho, ukurasa wa 1339, Mahakama ya Rufaa ya kanda ya kumi na moja, mwaka 2019. Kitabu cha 925 kipo, na kweli kina hukumu za 2019. Lakini ukikifungua kwenye ukurasa huo, unajikuta katikati ya hukumu ya kesi nyingine kabisa, J.D. dhidi ya Azar, iliyoamuliwa na mahakama ya rufaa ya Washington na isiyohusu ndege hata kidogo. Namba ya kitabu inaafikiana na mwaka, umbo la rejea halina kasoro, ila kesi haimo. Alama hiyo ndogo inatuonyesha mashine ilijifunza nini na haikujifunza nini.

Modeli ya lugha, yaani aina ya mashine iliyo ndani ya ChatGPT, hufunzwa kwanza kwa kusomeshwa maandishi mengi mno: vitabu, magazeti, kurasa za mtandao, hukumu za mahakama. GPT-3, iliyotangazwa mwaka 2020, ilipitishwa kwenye vipande vya maandishi takriban bilioni 300. Vipande hivyo huitwa tokeni. Neno fupi linaweza kuwa tokeni moja, na neno refu la Kiswahili kama "hatukuwasikiliza" hukatwa vipande kadhaa. Kazi inayopewa modeli ni moja tu, tangu mwanzo hadi mwisho: kukisia kipande kinachofuata.

Chukua maneno "Mji mkuu wa Tanzania ni". Modeli inafichwa kinachofuata. Inakipa kila kipande inachokijua kiwango chake cha uwezekano: Dodoma kiasi hiki, Dar es Salaam kiasi hiki, na vingine vyote karibu na sifuri. Kisha inafunuliwa. Kama mwandishi aliandika Dodoma, namba za ndani ya modeli, ambazo kwa GPT-3 zilikuwa bilioni 175, zinasogezwa kidogo sana ili Dodoma ipande. Baadaye ikikutana na mwandishi mwingine aliyeandika Dar es Salaam, zinasogezwa kidogo upande wa pili. Katika hesabu yote hiyo hakuna mahali panapoulizwa ni nani kati ya waandishi hao wawili aliyesema kweli. Kinachopimwa ni kimoja: ulikisia kwa karibu kiasi gani kile kilichoandikwa?

Tusiidharau kazi hiyo. Ili ukisie vizuri, huna budi kuijua sarufi, ujue hukumu huanza vipi na huishia vipi, ujue kwamba baada ya jina la mdai huja "dhidi ya" na baada yake jina la mdaiwa. Tena unajifunza mambo mengi ya kweli, kwa sababu yale yanayoandikwa mara nyingi kwa namna moja huacha alama nzito. Waandishi walioitaja Dodoma ni wengi, kwa hiyo Dodoma inashinda. Ndiyo maana ukiiuliza modeli mambo ambayo kila mtu ameyaandika, mara nyingi inajibu sawasawa, nawe unazoea kuiamini.

Shida inaanzia kwenye mambo yasiyo na kanuni na yaliyoandikwa mara chache. Tarehe ya kuzaliwa ya mwanamuziki mashuhuri imeandikwa mara maelfu. Ya fundi cherehani wa mtaani kwenu huenda imeandikwa mara moja, au haijaandikwa kabisa, na hakuna namna ya kuikokotoa kutokana na jina lake. Namba ya ukurasa wa hukumu ni kitu cha aina hiyohiyo. Watafiti Adam Kalai na Santosh Vempala wameonyesha kwa hesabu kwamba, kwa mambo ya namna hii, modeli iliyojifunza vizuri kukisia maandishi lazima itunge uongo kwa kiwango kinachokaribiana na sehemu ya mambo yaliyotokea mara moja tu katika maandishi iliyosomeshwa. Yaani hata maandishi hayo yangekuwa ya kweli tupu, kosa lingebaki.

Lakini umbo halipotei. Hukumu zilizosomwa ni nyingi, na katika zote, baada ya jina la kesi hufuata namba ya kitabu, kisha ukurasa, kisha mahakama na mwaka. Ni nadra mno jaji kuishia katikati ya rejea akaandika "hapa sikumbuki ukurasa". Modeli iliyofunzwa kuendeleza maandishi kama yanavyoendelezwa na watu itaandika namba, kwa kuwa hapo ndipo namba hukaa. Itachagua namba inayofanana na za 2019, na kweli 925 ni ya 2019. Ukurasa, usio na kanuni yoyote, itaujaza kwa kinachoelekea kufaa.

Ndani ya hukumu ya kutungwa ya Varghese mlikuwa na rejea nyingine inayoonyesha jambo hili wazi zaidi: Zicherman dhidi ya Korean Air Lines. Kesi ya jina hilo ipo. Iliamuliwa na Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani mwaka 1996, na inapatikana kwenye kitabu cha 516 cha hukumu za mahakama hiyo, ukurasa wa 217. Modeli iliandika kitabu cha 516, ila cha mfululizo wa mahakama za rufaa, ukurasa wa 1237, mwaka 2008. Yaelekea namba 516 ilikuwa imekaa karibu na jina la Zicherman katika maandishi, ikabaki. Kuanzia hapo sentensi ikafuata njia inayopitiwa zaidi, maana kitabu cha 516 cha mfululizo ule kweli ni cha 2008. Kila hatua ina mantiki ikitazamwa na hatua iliyoitangulia. Mwisho wake ni kesi isiyokuwepo.

Mahakama ilipodai nakala kamili za hukumu hizo, mawakili walirudi kwenye chombo kilekile, nacho kikatoa kurasa za maandishi. Hukumu ya Varghese ikawa na majaji watatu ambao ni watu halisi. Inaanza na Susan Varghese, msimamizi wa mirathi ya marehemu. Baada ya muda mfupi mdai amegeuka kuwa Anish Varghese, aliye hai, analalamika kwamba alinyimwa nafasi ndani ya ndege. Ukisoma sentensi moja moja, zinateleza. Ukizisoma kwa pamoja, hakuna shauri. Hapo ndipo msomaji anapoweza kuyakamata maandishi ya aina hii kabla hata hajafungua kitabu: fuata mtu mmoja, tarehe moja, dai moja, kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, uone kama vinabaki vilevile.

Schwartz alikuwa na shaka kidogo, na kwa hilo namheshimu. Aliiuliza ChatGPT kama Varghese ni kesi ya kweli. Ikamjibu kuwa ni ya kweli, tena inapatikana Westlaw na LexisNexis, hazina mbili za hukumu ambazo kila mwanasheria wa Marekani anazijua. Tazama kilichofanyika. Swali lile lilikuwa maandishi mengine ya kuendelezwa. Baada ya mtu kutaja kesi na kuulizwa kama ipo, jibu la kawaida katika maandishi ya watu ni "ndiyo, ipo", likifuatiwa na mahali inapopatikana. Hakuna aliyekwenda Westlaw kuangalia. Schwartz aliiambia mahakama kwamba alidhani anatumia chombo cha kutafutia, asijue kwamba kinaweza kutunga kesi.

Siku hizi baadhi ya vyombo hivi vimeunganishwa na mtandao, vinatafuta kurasa kabla ya kujibu. Hilo linasaidia, lakini sentensi ya mwisho bado inaandikwa kwa kukisia, na inaweza kuubandikia ukurasa halisi maneno ambayo hayamo ndani yake. Kwa hiyo uhakiki lazima ufanyike nje ya modeli, kwenye chanzo chenyewe. Wakili wa Dar es Salaam ana TanzLII, wa Nairobi ana Kenya Law, na zote mbili husomwa bure. Kuandika namba ya kesi na kuifungua kunachukua dakika mbili. Kinachotafutwa ni vitu viwili: kwamba hukumu ipo, na kwamba inasema kile inachodaiwa kusema. Cha pili ndicho kinachorukwa zaidi.

Tarehe 22 Juni 2023 Jaji Castel aliwatoza mawakili hao wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000. Akawaamuru pia wamwandikie Mata barua kumweleza yaliyotokea, na wamwandikie kila jaji halisi ambaye jina lake liliwekwa juu ya hukumu ambayo hakuiandika. Siku hiyohiyo alitoa uamuzi juu ya goti la Mata: shauri lilikuwa limechelewa, likatupwa.