Sado Si Kilo Nne

Wajukuu zangu, hasa ninyi mlioanza kujitegemea huko Chang'ombe, Nkuhungu na Ilazo, nina neno nanyi kuhusu picha. Sisemi za harusi. Nasema zile mnazopiga sokoni, za vibao vya bei, kisha mnakwenda nazo nyumbani kuangalia nafuu iko kwa nani. Jambo lenyewe ni jema, na simu hizi zingekuwapo wakati nauza nafaka, wateja wangenitoa jasho. Lakini vibao hivyo nimeviandika kwa mkono wangu miaka mingi. Najua vinasema nini, na najua vinanyamaza wapi.

Mjukuu wangu mmoja alinijia Jumamosi na picha mbili. Nyumba yake ina watu sita: yeye, mkewe, watoto wawili, na wadogo zake wawili wanaosoma. Picha ya kwanza aliipiga Majengo, kwenye ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki. Ya pili ilitoka Soko la Job Ndugai kule Nzuguni, kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu nene. "Bibi," akasema, "nimepata jibu. Kwenye bidhaa sita, Nzuguni wako chini kwenye tano. Tunahamia Nzuguni." Nikamwambia akae kwanza, anywe chai.

Bei nitakazotaja ni za siku ile, wala usiende nazo sokoni kugombana na mtu. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na nafaka ya Mei si bei ya nafaka ya Februari. Mahindi yakijaa Kibaigwa unga unashuka, yakikauka unapanda. Ndiyo maana swali langu la kwanza lilikuwa: hizi picha zimepigwa siku moja? Ya Majengo aliipiga mwenyewe asubuhi ile. Ya Nzuguni alitumiwa na rafiki yake kwa WhatsApp. Picha ya kutumiwa hukuonyesha siku iliyotumwa, siyo siku iliyopigwa, na inaweza kuwa imeshapita simu tatu. Alimpigia rafiki yake, akaambiwa ni ya jana yake. Hiyo tukaikubali. Ingekuwa ya wiki mbili nyuma, tungeifuta hapo hapo.

Kisha tukasoma. Ubao wa chaki ulipigwa kwa ubavu, jua likiwa usoni mwa simu, na unga wa sembe yeye aliusoma 1,900 kwa kilo. Nikamwambia aikuze picha atafute tisa nyingine kwenye ubao huo huo. Ipo kwenye sukari, 2,900. Tisa ya muuzaji yule ina kichwa cha duara na mkia uliopinda kama ndoano. Namba ya kwenye unga ina kichwa cha pembe na mguu ulionyooka. Ni nne iliyofungwa juu. Unga ni 1,400! Mwandiko wa mtu haubadiliki ndani ya ubao mmoja, kwa hiyo namba ukiitilia shaka, ilinganishe na nduguye wa ubao ule ule. Wanaosumbua zaidi ni nne na tisa, tatu na nane, moja na saba. Na ukipiga, simama mbele ya kibao, jua liwe mgongoni, na pembe zote nne ziingie kwenye picha, maana maneno madogo ya "kuanzia kilo 5" hupenda kukaa pembeni. Mwombe ruhusa mwenye kibanda. Ukipiga kimyakimya atakudhania mtu wa kodi.

Kosa kubwa kuliko hilo lilikuwa kwenye maharage. Majengo waliandika maharage ya njano 3,000 kwa kilo. Nzuguni waliandika "sado 10,000". Kijana akafanya hesabu: sado ni nne, basi 10,000 gawanya kwa nne ni 2,500 kwa kilo. Akafurahi.

Nne ya nini, mwanangu? Sado ni kopo la rangi la lita 4, na jina lenyewe limetokana na rangi za Sadolin. Lita ni nafasi, kilo ni uzito. Maharage yakimiminwa yanaacha mianya kati ya punje na punje, kwa hiyo kopo likijaa usawa wa mdomo hutoa kilo 3 na robo hivi, au pungufu kidogo. Nina sado nzima nyumbani. Tulipima maharage yangu mbele yake, mizani ikasema kilo 3.2. Gawanya sasa: 10,000 kwa 3.2 ni 3,125. Maharage aliyoyaona ya bei rahisi ndiyo ya bei ghali.

Hapo nimesema sado nzima. Huko masokoni kuna sado zilizobondwa kitako kikaingia ndani, na nyingine zimepitishwa motoni ubavu ukasinyaa. Kwa mbele huwezi kuona kitu. Ingiza mkono ndani uguse kitako, au tazama kama muuzaji anaishika kwa namna ya kukificha. Wapo pia wanaokujazia kilima juu ya mdomo, na kilima hicho kinaweza kufidia kitako, kwa hiyo usimwite mtu mwizi kabla ya kupima. Dawa ni kununua mara moja, kwenda kwenye mizani nyingine, na kuandika sado ya yule bwana ina kilo ngapi za maharage. Ya maharage tu. Vitunguu ndani ya kopo lile lile vina uzito wake, na mchele una wake. Mizani nayo itazame kama ina stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu, kwa kuwa mizani ya biashara hukaguliwa kila mwaka. Ukiwa na shaka, weka juu yake chupa ya maji ya lita 1.5 ambayo haijafunguliwa. Lazima isome kilo moja na nusu na kidogo cha plastiki. Ikizidi sana hapo, ondoka.

Mafuta yakamgeuza upande wa pili. Majengo alizeti ni 6,000 kwa lita, Nzuguni ni 8,700 kwa chupa. Akasema Nzuguni ghali. Chupa gani? Ni ile ya maji ya lita 1.5, inaonekana kabisa kwenye picha imesimama nyuma ya boksi. Basi lita inakuja 5,800, mradi chupa imejazwa hadi shingoni. Nzuguni wako chini.

Baada ya kusafisha hivyo, Nzuguni walibaki chini kwenye bidhaa nne kati ya sita: mchele 2,500 kwa 2,600 za Majengo, sukari 2,800 kwa 2,900, vitunguu 1,900 kwa 2,000, na hayo mafuta. Kijana akachangamka tena, nne kwa mbili bado ni ushindi. Hapa ndipo wengi wenu mnapopotea. Mnahesabu bidhaa kama mnahesabu kura, na tumbo halipigi kura. Nikamuuliza, nyumba yako inakula nini kwa wiki, na kiasi gani? Hakujua. Mkewe alijua: sembe kilo 10, mchele 4, maharage 3, mafuta lita 1.5, sukari 2, vitunguu 2.

Zidisha. Kwa Majengo, unga ni 14,000, mchele 10,400, maharage 9,000, mafuta 9,000, sukari 5,800 na vitunguu 4,000. Jumla 52,200. Kwa Nzuguni unga ni 1,600 kwa kilo, kwa hiyo kilo 10 ni 16,000, mchele 10,000, maharage 9,375, mafuta 8,700, sukari 5,600, vitunguu 3,800. Jumla 53,475. Majengo ni nafuu kwa 1,275, nayo imeshindwa kwenye bidhaa nne!

Sababu yake ni unga. Zile bidhaa nne za Nzuguni zote pamoja zinakuokolea 1,100. Unga peke yake unakula 2,000, kwa kuwa tofauti ya 200 inazidishwa mara 10, na maharage yanaongeza 375. Anza siku zote na kile mnachokula kwa wingi. Nyumba ya ugali inaanza na unga, na kama kwenu bado mnasonga uwele au mtama kama tulivyolelewa sisi, anzeni na huo. Vitunguu vya kilo 2 haviwezi kuamua soko.

Mjukuu wangu si mjinga. Akauliza kama haiwezekani kugawa: unga na maharage Majengo, vilivyobaki Nzuguni. Inawezekana. Kapu la namna hiyo linatoka 51,100, nafuu ya 1,100 kuliko kununua vyote Majengo. Vibanda hivi vingekuwa ndani ya soko moja, ningemwambia fanya hivyo kila wiki. Lakini kutoka Majengo hadi Nzuguni si mwendo wa kwenda kwa miguu na kapu kichwani. Daladala ya kwenda na kurudi inaimaliza hiyo 1,100, na ukipanda bodaboda umelipa kutoka mfukoni ili ujisifu kwamba umebana matumizi. Anayekwenda Nzuguni kwa shughuli zake nyingine, huyo anunue mafuta na sukari hapo hapo. Asiye na safari asiitunge.

Liko moja ambalo picha haitakupa hata ukiikuza mpaka herufi zipasuke. Vibao vyote viwili viliandika "mchele" tu. Ule wa 2,500 unaweza kuwa na chenga nusu, unaweza kuwa wa zamani usiochambuka. Utashika punje kiganjani, utanusa, utatafuna mbili tatu. Kwa bidhaa hiyo bei mbili hazijakuwa bei mbili za kitu kimoja mpaka mkono wako umefika. Siku ile mimi niliihesabu kama sawa, na nilimwambia hivyo, kwamba 400 ya mchele niliyoipa Nzuguni nimeipa kwa imani.

Alinunua vyote Majengo, akatembea hadi nyumbani. Ninyi wengine mkipiga picha Jumamosi hii, andikeni kwanza kwenye karatasi nyumba inakula kilo ngapi za kila kitu, na kila bei igeuzeni iwe ya kilo au ya lita kabla ya kusema nani rahisi. Sado yangu nzima ipo jikoni. Anayetaka kulinganisha ya muuzaji wake, aje nayo.